Cheti cha BRELA hakikuambii pesa inatoka wapi

*"Wifi yangu amejiunga na kampuni inayouza virutubisho, na sasa ananisukuma nami nijiunge kwa kifurushi cha sh 600,000. Nilipomwambia naogopa upatu, alinitumia picha ya cheti cha BRELA, TIN na leseni ya biashara. Mpango wao wa malipo nimeuambatanisha. Pesa itabidi nikope SACCOS ya kazini. Nitajuaje kama hii ni biashara ya kweli?"*

Dada yangu, hicho cheti huenda ni halali kabisa. Sina sababu ya kukitilia shaka, na wala usigombane na wifi yako juu yake. Tatizo ni kwamba hakijibu swali uliloniuliza. BRELA inapoandikisha kampuni inathibitisha kwamba kampuni ipo, ina jina lake, wakurugenzi wake na wanahisa wake, na imetaja shughuli inayokusudia kufanya. TIN inasema TRA inaitambua kama mlipakodi. Leseni inaruhusu duka au ofisi kufunguliwa. Hakuna hata mmoja katika hao watatu aliyekaa na mpango wa malipo mezani akauliza hizi bonasi zinalipwa kwa pesa ya nani. Ni kama cheti cha kuzaliwa: kinakuambia mtoto amezaliwa lini na wazazi wake ni nani, hakikuambii atakuja kuwa padri au kibaka.

Ushahidi wa hilo tunao hapahapa nyumbani. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, ile ya "kupanda mbegu" na "kuvuna". Haikuendeshwa gizani chini ya mwembe. Ilikuwa kampuni yenye jina kamili, DECI Tanzania Limited, yenye ofisi na foleni za watu mchana kweupe, na waliotangulia walivuna kweli. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Neno "Limited" mwishoni mwa jina halikumrudishia mtu mbegu yake.

Usajili, hata hivyo, una kazi yake, ila kazi hiyo ni ya kugundua uongo, si ya kuthibitisha ukweli. Usitegemee picha ya WhatsApp. Ingia ors.brela.go.tz, utafute kampuni kwa jina au kwa namba iliyo kwenye cheti, uone kama jina, namba na tarehe vinalingana na vya kwenye picha. Angalia kama ni kampuni au ni jina la biashara tu, kwa sababu hivyo ni vitu viwili tofauti: jina la biashara halina uhai wake mbali na mwenye nalo. Ukilipia ada, unaweza kupata taarifa rasmi zenye majina ya wakurugenzi na wanahisa. Hapo ndipo utajua kama yule "mwanzilishi" anayeoneshwa kwenye video akishuka kwenye gari refu yumo kwenye orodha, au walioandikwa ni vijana wawili usiowahi kuwasikia. (Ndugu zetu wa Kenya hupata taarifa kama hizo kwenye hati ya CR12, kupitia eCitizen.)

Kisha linganisha jina hilo na mahali pesa inapokwenda. Ukiingiza Lipa Namba kwenye simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama ni jina la kampuni ileile iliyo BRELA, sawa. Kama ni jina la mtu, au kampuni nyingine yenye jina linalofananafanana, ishia hapo, huhitaji kuendelea kusoma jibu langu. Na kwa kuwa wanauza virutubisho, waulize bidhaa imesajiliwa wapi. Vyakula viko chini ya TBS. Bidhaa ikianza kudai inatibu kisukari au presha, imeshatoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa, na dawa ni za TMDA.

Tuseme yote hayo yamekaa sawa. Sasa tufungue mpango wa malipo, maana jibu lako liko humo. Nimeusoma mara mbili. Nimeweka kando picha za magari na safari za Dubai, nikabaki na mistari mitano tu. Unalipa sh 600,000 na kupewa maboksi sita. Baada ya hapo unanunua boksi kwa bei ya mwanachama, sh 60,000, na bei ya kumuuzia mteja ni sh 85,000. Ukimleta mtu mwenye kifurushi kama chako unapewa sh 150,000 siku hiyohiyo. Kila mtu akiingia mguu wako wa kushoto na mwingine wa kulia, yaani matawi mawili ya watu walio chini yako, unapata bonasi ya jozi, sh 40,000. Na ili "ubaki hai", yaani usipoteze bonasi, lazima ununue maboksi mawili kila mwezi, na kwenye manunuzi ya kila mwezi ya watu walio chini yako unapewa asilimia 3.

Chukua karatasi, tuhesabu pamoja. Maboksi sita kwa bei ya mwanachama ni sh 360,000. Wewe umetoa sh 600,000. Kuna sh 240,000 ambayo haina boksi ndani yake. Imekwenda wapi? Sh 150,000 imekwenda kwa wifi yako kwa kukuleta, na sh 90,000 inayobaki ndiyo inayolipa jozi za walio juu yake na kuwaachia kampuni chao. Yaani siku unayojiunga, kabla hujafungua hata boksi moja, kabla mgonjwa wala mzima yeyote hajameza kidonge, kuna watu wamelipwa kwa pesa ya mkopo wako. Nakuomba usome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya upatu. Mengine yote ni mapambo.

Tuone sasa ukiamua kuwa muuzaji mwaminifu, usiyetaka kumwingiza mtu. Ukiuza maboksi yote sita kwa sh 85,000 unapata sh 510,000. Bado una hasara ya sh 90,000. Unanunua mengine, na kila boksi linakupa faida ya sh 25,000. Ukifika boksi la kumi ndipo umerudisha pesa yako, ukiwa na faida ya sh 10,000 mkononi. Maboksi kumi, nauli ya kuyapeleka, vocha ya kuwabembeleza wateja, na riba ya SACCOS bado sijaigusa.

Jilinganishe na jirani yako kwenye semina, asiyeuza hata moja lakini amewaleta watu wanne. Amepata sh 600,000 yake yote, pamoja na bonasi za jozi mbili, na maboksi yake sita bado yako juu ya kabati. Kumleta mtu mmoja kunalipa sawasawa na kuuza maboksi sita. Mpango wa malipo ni kama mshahara: unamwambia mtu afanye nini. Huu unakuambia acha maboksi, tafuta watu. Ndiyo maana kwenye semina zao utasikia masaa mawili ya "timu", "ngazi" na "ndoto", na dakika tano za virutubisho.

Kipimo ninachokitumia siku zote ni hiki. Jiulize: kuanzia kesho asubuhi, asiingie mwanachama mpya hata mmoja, nani atalipwa? Duka la kawaida halitatikisika, kwa sababu halikuwa linaishi kwa kuongeza wenye maduka. Kwenye mpango huu, sh 150,000 inakufa, bonasi ya jozi inakufa, inabaki asilimia 3. Tuseme umefanya kazi kubwa na una watu ishirini walio hai chini yako. Kila mmoja ananunua maboksi mawili kwa mwezi, sh 120,000. Jumla ni sh 2,400,000, na asilimia 3 yake ni sh 72,000. Lakini ili upewe hiyo sh 72,000 nawe lazima uwe hai, yaani umetoa sh 120,000 yako. Kama maboksi yako mawili hukuyauza, wewe mwenye watu ishirini umemaliza mwezi ukiwa na upungufu wa sh 48,000. Hao ishirini, ambao hawana mtu chini yao, wako wapi?

Hapo ndipo watu hunijibu: "Lakini bidhaa ipo! Upatu hauna bidhaa." Hili ndilo kosa linalowagharimu wengi kuliko yote. Bidhaa inaweza kuwepo na upatu ukawepo. Cha kuuliza si kama kuna boksi, bali ni nani ananunua boksi na kwa sababu gani. Nenda duka la dawa lolote mjini, uulize bei ya kirutubisho chenye viambato vinavyofanana. Ukikuta kinauzwa sh 28,000 na hiki ni sh 85,000, mtu asiye mwanachama ana sababu gani ya kukinunua kwako? Anayelipa bei hiyo kila mwezi anainunua nafasi yake kwenye mguu wa kushoto au wa kulia, boksi ni risiti tu.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu aliniita nyumbani kwake nimsaidie na hesabu za kampuni ya namna hii, siitaji jina. Alikuwa na daftari zuri lenye kichwa "Wateja", majina kumi na moja. Tukayapitia moja moja. Saba walikuwa wanachama aliowaleta mwenyewe. Watatu walikuwa ndugu zake, walionunua mara moja tu, ili asijisikie vibaya. Wa kumi na moja alikuwa yeye. Maboksi yalikuwa chini ya kitanda, manne yakiwa yamebakiza miezi miwili kuisha muda. Mfanyie wifi yako zoezi hilohilo, kwa upole, mkiwa wawili. Usimuulize "umepata kiasi gani", maana atakuonesha ujumbe wa bonasi. Muulize: "Mwezi uliopita, ni watu wangapi wasio wanachama walinunua kwako, na ni wangapi walirudi kununua tena?"

Mawazo haya si yangu peke yangu. Mwaka 1975 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa uamuzi dhidi ya kampuni ya vipodozi ya Koscot, na kipimo kilichotoka humo kinatumika hadi leo: mtu analipa ili apate haki ya kuuza bidhaa, na pia haki ya kupata malipo kwa kuleta wengine, malipo yasiyotokana na bidhaa kufika kwa mtumiaji wa mwisho. Ukipima mpango wako hapo, sh 150,000 inatosha kuuangusha. Miaka minne baadaye, mwaka 1979, tume hiyohiyo iliichunguza Amway na kuona si piramidi, na sababu zake zina faida kwetu. Amway haikulipa kwa kumwingiza mtu tu. Muuzaji alitakiwa awe ameuza angalau asilimia 70 ya mzigo aliochukua mwezi huo kabla ya kulipwa bonasi, na awe ameuza kwa wateja kumi tofauti. Na mtu akitaka kuacha, mzigo usiouzwa ulirudishwa na kununuliwa. Unaona tofauti? Kanuni zote tatu zinasukuma boksi litoke kwenye kabati la mwanachama liende kwa mteja. Mpango wako una kanuni moja tu ya kila mwezi, nayo inasukuma boksi liingie kabatini.

Kwa hiyo sisemi kila kampuni ya kuuza moja kwa moja ni upatu. Zipo ambazo kujiunga ni bei ya katalogi na sampuli chache, kamisheni inahesabiwa kwa mauzo ya wateja wenye majina, hakuna ulazima wa kununua kila mwezi, na mzigo unarudishwa kwa masharti yaliyoandikwa. Hata humo wengi hupata pesa ya mboga tu, na ni haki yako kuambiwa hivyo mapema. Lakini kupata kidogo kwa kuuza na kupoteza kwa kupangwa ni mambo mawili tofauti.

Wifi yako huenda akakuambia lile jibu la semina: "Hata kazini kwako ni piramidi, bosi juu na nyinyi chini." Hapana. Kazini pesa inashuka: mwajiri analipa, wewe unapokea, na hukununua nafasi yako. Kwenye upatu pesa inapanda, wa chini anamlipa wa juu, na anayetaka kulipwa lazima apate wa chini yake. Hapo hesabu inakataa mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mpango wako unahitaji watu wanne ili mtu arudishe pesa yake kwa kuleta watu. Mmoja analeta 4, hao wanaleta 16, hao wanaleta 64. Simama hapo uhesabu: wote ni 85, na 64 kati yao, robo tatu, hawana mtu chini yao. Endelea ngazi nyingine, na nyingine. Idadi inakua, lakini robo tatu haibadiliki. Popote mchezo unaposimama, karibu watu watatu katika kila wanne wako safu ya mwisho. Na lazima usimame, kwa sababu ngazi ya kumi na tatu inahitaji watu 67,108,864, na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania wote, vichanga humohumo, ikapata 61,741,120.

Nikijibu swali lako moja kwa moja basi: kwa mpango huu uliouambatanisha, usijiunge, na usikope. Hata kama kampuni isingekuwa na kasoro, mkopo wenye marejesho ya kila mwezi kwa biashara inayokudai manunuzi ya kila mwezi ni kujifunga kamba mbili shingoni. SACCOS watakata mshahara wako iwe umeleta mtu au hukuleta.

Kuna jambo jingine ambalo huenda wifi yako halijui. Kuendesha au kuupigia debe upatu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Anayewaandikisha watu, anayekusanya pesa zao kwenye simu yake, anaweza kujikuta akihojiwa kabla ya wenye kampuni, maana yeye ndiye jina lililo kwenye miamala na ndiye anayejulikana anakoishi. Namba ya kampuni ikizimwa, watu watabisha hodi kwake.

Yeye ambaye ameshalipa asingoje "ngazi inayofuata" ili arudishe chake. Akusanye mpango wa malipo, risiti, ujumbe wa miamala na majina ya waliompokea. Aandike barua fupi yenye tarehe kuomba kurudisha maboksi ambayo hayajafunguliwa, aipeleke ofisini kwao na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikataa kuipokea, hilo nalo aliandike, na tarehe. Kisha aende na karatasi hizo Tume ya Ushindani, FCC, kwa upande wa ahadi za uongo kwa walaji, na polisi kama pesa imechukuliwa kwa udanganyifu. Ikiwa kampuni inapokea pesa na kuahidi faida bila bidhaa yoyote, hilo ni la Benki Kuu pia. Akiwa ameandikisha watu wengine na kupokea pesa zao, aanze kwa wakili kabla ya kwenda popote, na aende mwenyewe na karatasi zake, si kwa kuuliza kwenye makundi ya simu. Na bonasi aliyolipwa kwa ajili ya mtu aliyemleta wiki hii, ambayo bado iko kwenye simu yake, asiitumie.